Je, wajua kwa nini insha unayoijua vizuri bado inarudi na alama 9 kati ya 20?

"Mwalimu, hii mada nimeisoma mara tatu, daftari lote nimelimaliza. Mbona kila insha napata tisa au kumi?"

Kwa sababu alama zinapotelea mahali ambapo macho yako hayafiki ukiwa unasoma daftari. Zinapotelea kwenye namna unavyolijibu swali, na kosa hilo mara nyingi limeshaandikwa kwa wino mwekundu pembeni mwa insha zako za zamani. Wengi huangalia alama ya juu, hukunja karatasi, na maelezo ya pembeni hayasomwi tena.

Chukua insha nne au tano za mwisho ulizorudishiwa, za somo moja. Usizisome. Nakili maneno ya mwalimu tu kwenye karatasi moja, moja chini ya jingine, hata yale yanayojirudia. Binti mmoja wa kidato cha tano niliyekuwa namfundisha Historia alifanya hivyo kwa insha tano, karatasi yake ikawa na "fafanua" mara sita, "mfano?" mara nne, "unasimulia" mara tatu, na "siyo kweli" mara moja tu. Kwa hiyo ukweli wa historia alikuwa nao. Usiku alikuwa akikesha kuongeza maarifa, wakati alichopungukiwa ni kueleza. "Fafanua" maana yake umeitaja hoja, hujasema imeletaje matokeo unayodai. "Unasimulia" maana yake umeeleza yaliyotokea, na swali limeuliza kwa nini yalitokea au yalikuwa na uzito gani.

Kila neno linalojirudia ligeuze liwe swali la kujiuliza ukiwa bado unapanga jibu. Binti yule alibaki na mawili: "Kivipi?" na "Mfano wangu ni upi?" Ukizidisha matatu utayasahau ukiwa ndani ya chumba cha mtihani. Kama mwalimu wako huandika alama tu bila maelezo, Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na ndani yake kuna vipande vya majibu mazuri na mabaya kama yalivyoandikwa. Soma kipande kibaya kwanza, uone kama hujisomi mwenyewe.

Sasa kuhusu kurudia daftari. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke, wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana usiku wa kubukua unakuacha na uhakika mkubwa. Unajipima dakika ile ile ambayo kusoma kunaonekana kumefaulu.

Basi jipime, na jipime kwa umbo la mtihani wenyewe. Kuandika insha nzima kila siku kunachosha, na hakuna mwalimu wa kusahihisha zote. Andika mpango wa jibu kwa dakika 10, daftari likiwa limefungwa, karatasi tupu mbele yako na saa inayohesabu. Tuchukue swali hili: "Maji ya Kinjikitile ndiyo yaliyowaunganisha watu wa kusini dhidi ya Wajerumani mwaka 1905. Jadili."

Dakika 2 za kwanza ni za swali lenyewe. Pigia mstari "ndiyo" na "yaliyowaunganisha". Hujaulizwa vita vya Maji Maji vilikwendaje. Umeulizwa kama maji pekee yanatosha kueleza umoja ule. Anayeanza na "Mwaka 1905 huko Nandete wananchi waling'oa pamba..." na kuendelea hadi mwisho wa vita ameshaandikiwa "unasimulia" kabla hajafika ukurasa wa pili.

Dakika 4 zinazofuata mwaga kila unachokumbuka, kwa neno moja moja, bila mpangilio: Ngarambe, wajumbe waliosambaza dawa, risasi kugeuka maji, mashamba ya pamba ya lazima, maakida, kodi, Mahenge, Wangoni, Wahehe, kunyongwa kwa Kinjikitile. Ukikwama usifungue daftari. Kukwama kule ndiko kunakokuonyesha pa kurudi kusoma baadaye.

Dakika 3, panga. Upande wa maji: watu wasiokuwa na mtawala mmoja walipata alama moja ya kuaminiana, na wajumbe wakaivusha kutoka kabila hadi kabila. Upande wa pili: pamba ya lazima, kodi na ukali wa maakida vilikuwa vimewachosha watu kabla dawa haijawafikia. Halafu ushahidi unaopima uzito: Kinjikitile alinyongwa mapema Agosti 1905, na tarehe 30 Agosti wapiganaji walishindwa vibaya mbele ya bunduki za rashasha pale Mahenge, lakini vita viliendelea hadi 1907. Kama imani ya maji ndiyo peke yake iliyowaweka pamoja, mbona havikuisha pale? Wangoni nao waliingia wakiwa na lao, kurudisha nguvu ya dola yao. Wahehe hawakujiunga. Hapa ndipo mtu wa "Kivipi?" na "Mfano wangu ni upi?" anayapitisha maswali yake kwenye kila hoja, moja baada ya nyingine. Hoja isiyo na jibu la yote mawili aifute.

Dakika 1 ya mwisho andika msimamo kwa sentensi moja kamili: "Maji yaliwapa watu wa kusini lugha moja ya vita, lakini hasira iliyowaingiza vitani ilitokana na unyonyaji, na kila jamii ilikuwa na sababu yake." Sentensi hiyo ndiyo inayoingia kwenye utangulizi. Ukishindwa kuiandika, hujaamua bado, na insha itayumba.

Kisha fungua daftari, shika kalamu nyekundu, ujaze ulichosahau na urekebishe ulichokosea. Mpango huo uweke. Baada ya wiki fanya swali lile lile tena bila kuutazama, halafu linganisha karatasi mbili. Kama wekundu uko sehemu zile zile, mada hiyo bado.

Mpango una mpaka wake, nao ni kwamba haufundishi mkono kasi. Kwa hiyo mara moja kwa wiki endelea na mpango mmoja hadi insha kamili kwa muda wa mtihani. Hapo piga hesabu. Pepa ya saa 3 yenye insha 5 inakupa dakika 36 kwa kila moja, na ukipanga dakika 10 zinabaki 26, ambazo kwa wengi hazitoshi kuandika hoja tano zilizofafanuliwa. Dakika 10 ni za mazoezi. Ukishafanya mipango kumi na tano hivi ya somo moja, anza kupunguza hadi 8, kisha 6, ukianza na zile za kumwaga kumbukumbu, kwa sababu hizo ndizo zinazofupika kadiri mada inavyokaa kichwani. Zile 2 za swali usiziguse.