Nirvana: kinachozimika ni nini?

"Nirvana si ndiyo raha tupu, kama pepo?"

Hapana. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, neno hilo ni kuzimika, kama taa inavyozimika. Katika mafundisho ya Budha, kinachozimika ni mioto mitatu: tamaa, chuki na upumbavu. Maandiko huisifu amani inayofuata, lakini starehe ya kukandwa mwili hotelini, ambayo matangazo huiita nirvana, huchochea tamaa ileile. Wala si mahali pa kwenda baada ya kufa. Budha aliifikia akiwa hai, akaendelea kufundisha miaka mingi. Mzururaji mmoja, Vachagota, alimuuliza: aliyekombolewa akifa huzaliwa tena wapi? Budha naye akamuuliza: moto uliozimika umeelekea mashariki au magharibi? Vachagota akajibu kwamba swali halifai, kwani moto umezimika kwa kuishiwa kuni.