Zipu Iliyonyooka Sana: Dhana Potofu za Kuediti Jaketi Kwenye Picha

Kuanzia Juni baridi ya Mbeya, Njombe na Makete haina mchezo, na wateja wa studio huingia na jaketi limeachwa wazi juu ya fulana. Picha ikishatoka ndipo wanapoomba: "Fundi, lifunge hilo jaketi."

Dhana: zipu ipite katikati ya picha.

Ukweli: zipu hufuata katikati ya mwili, inaanzia kwenye kishimo cha koo na kushuka kuelekea kitovuni. Mchukulie kijana wa Makambako aliyepigwa picha ya CV akiwa amegeuza mabega kidogo upande wa kulia wa picha. Fundi anachukua jaketi lililopigwa kwa mbele, analibandika, zipu inashuka wima kama uzi wa timazi. Ukitazama haraka ni safi. Sasa pima toka kwenye zipu hadi kwapa hili na lile: pande zote sawa, wakati bega la upande wa kulia wa picha lilikwisha kufupishwa na mgeuko wa mwili. Kifua kinamtazama mpiga picha huku mabega yanatazama kwingine.

Tiba yake ni kuweka alama tatu kwenye picha ya awali kabla ya kubandika chochote: kishimo cha koo, katikati ya kifua na kitovu. Kwenye Photoshop fungua Warp, zana ya kupinda picha, vuta zipu ipite kwenye alama hizo. Kwa kijana wetu itasogea kulia na kubinuka kidogo penye kifua, halafu irudi tumboni. Huo mpindo usiunyooshe. Wala usimpunguze tumbo kwa Liquify baada ya hapo, maana meno ya zipu yatayumba na kubanana. Kama ni lazima, anza na tumbo, jaketi lifuate.

Dhana: kwenye shati au koti la vifungo, ukingo wa kitambaa ndio uwe katikati.

Ukweli: katikati hukaa vifungo. Ukingo hupita hapo ili upande mmoja uulalie mwingine. Ukanda wa shati wenye upana wa sentimita 3 huwa na sentimita moja na nusu kila upande wa kifungo. Ukiweka ukingo katikati, vifungo vyote vinahama na kola inakaa upande.

Dhana: suti ikigeuzwa kushoto-kulia hakuna atakayejua.

Ukweli: fundi cherehani yeyote wa Mwanjelwa atajua. Koti la kiume hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukiwa juu, la kike kwa kawaida kinyume chake. Mfuko wa kifuani nao utahamia kulia.

Kishikio cha zipu ndicho husahaulika kabisa. Chini ya kichwa cha zipu meno yameshikana, juu yake yameachana. Nimeona picha ambazo meno yamefungwa juu na chini ya kichwa, na kishikio kinaning'inia kuelekea begani wakati mtu amesimama wima.