Sahani Moja ya Chapo Mayai Inakugharimu Shilingi Ngapi?

Wiki iliyopita nilikaa tangu alfajiri kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chapo mayai karibu na steji ya matatu huku Eastlands. Sahani yake ni ya mayai mawili yaliyokaangwa na kutandazwa juu ya chapati, kachumbari ikiwekwa kando. Anaiuza shilingi 80. Kabla hatujapima chochote nilimwuliza sahani hiyo humgharimu kiasi gani, naye akanijibu bila kusita: mayai mawili ni 30, chapati anayoletewa na jirani ni 15, na hayo mengine, yaani mafuta, gesi na kachumbari, "ni kitu ya tano tu". Jumla 50. Kwa hesabu yake, kila sahani ilimwachia shilingi 30.

Kazi yangu ni kufundisha wafanyabiashara wadogo hesabu za biashara, na jibu hilo nalisikia karibu kila kibanda. Yai lina bei inayojulikana, kwa hiyo huhesabiwa. Mafuta na moto havina bei ya sahani moja iliyoandikwa popote, kwa hiyo hupewa shilingi tano na kusahaulika. Siku hiyo tulivipima vyote vitatu kuanzia alfajiri mpaka alipofunga. Bei nitakazotaja ni alizolipa yeye. Weka zako mahali pake, njia ni ile ile.

Tuanze na yai. Trei ya mayai 30 alinunua shilingi 450, na hapo ndipo ilipotoka ile hesabu ya shilingi 15 kwa yai. Lakini hesabu hiyo ni ya yai lililoko sokoni, si ya yai lililofika kwenye kikaango. Asubuhi hiyo aliletewa trei tatu kwa bodaboda, mayai 90. Manne yalifika yamepasuka na kuvuja. Mawili zaidi yalikuwa yameoza, na moja kati ya hayo aligundua baada ya kulipasulia ndani ya kikombe. Yaliyobaki kuuzika ni 84. Shilingi 1,350 ukizigawa kwa 84 unapata kama 16, kwa hiyo mayai mawili ya sahani ni shilingi 32, si 30. Shilingi mbili zinaweza kuonekana ndogo, lakini kwa sahani 40 ni shilingi 80, bei ya sahani nzima.

Lile yai lililooza kikombeni linastahili neno zaidi. Ukizoea kupasulia mayai mawili moja kwa moja ndani ya kikombe kimoja, yai bovu la pili linakuharibia na la kwanza. Mama huyu sasa ana vikombe viwili: kila yai linapasuliwa katika kile kidogo, analitazama na kulinusa, kisha analimimina katika kikubwa na kupiga. Trei ukiitilia shaka, tumbukiza mayai machache ndani ya maji. Yai bichi lililo freshi huzama na kulala ubavu, lililokaa siku nyingi husimama, na linaloelea usilitumie. Ila usiyaloweshe yote asubuhi ili uyauze kesho, kwa maana yai lililooshwa hupoteza utando wake wa kinga na huharibika upesi. Pima yale utakayokaanga siku hiyo hiyo.

Bei ya trei inapopanda, kuna kanuni nyepesi ya kukariri: kila shilingi 30 zinazoongezeka kwenye trei ni shilingi moja kwa yai, yaani shilingi mbili na ushee kwa sahani ya mayai mawili.

Sasa mafuta, na hapa ndipo nilipotaka kukaa kwa muda. Alikuwa akimimina kutoka kwenye chupa ya lita moja iliyotobolewa kifuniko kwa msumari. Alikuwa akiiinamisha, anahesabu kimoyomoyo, anairudisha. Nilimwomba afanye hivyo hivyo, lakini badala ya kikaango amimine kwenye bakuli, kisha tuyachote kwa kijiko cha mezani cha kupimia, kile cha mililita 15. Vilitoka vijiko viwili kamili. Alishangaa. Tulirudia mara tatu, ikatoka karibu hivyo hivyo.

Ili tusitegemee bakuli peke yake, tuliweka alama kwenye chupa asubuhi kwa kalamu ya wino mzito, tukatazama tena alipofunga. Kwa sahani 40 alikuwa amemaliza lita moja na mililita 200. Ukigawa, ni mililita 30 kwa sahani, vijiko viwili vile vile. Lita aliinunua shilingi 300. Lita moja ina vijiko 66 na kitu, kwa hiyo kijiko kimoja ni shilingi 4.50 na sahani ilikuwa inakula shilingi 9 za mafuta. "Kitu ya tano" yote ilikuwa imeliwa na mafuta, na bado yamezidi.

Mafuta hayo yalikuwa yanaenda wapi? Si yote yanayoingia kwenye yai. Mengine yalibaki kwenye kikaango, yakatoa moshi wakati anasubiri mteja anayefuata, naye akayafuta kwa karatasi na kuweka mapya. Mengine yalionekana chini ya sahani mteja alipomaliza kula. Na sababu ya yeye kuzidisha ilikuwa kikaango chenyewe: chembamba, kimekwaruzwa katikati, kikiwa hakijashika moto yai linaganda pale pale, naye anaongeza mafuta ili libanduke. Kesho yake tulijaribu tofauti. Kikaango kilipata moto kwanza kikiwa kikavu kwa muda mfupi, kikaja kijiko kimoja cha mafuta, kikazungushwa mpaka pembeni, ndipo mayai yakaingia. Yalibanduka. Sahani kumi zilipita hivyo na hakuna mteja aliyeuliza kitu.

Kama unanunua mafuta ya kupima ya shilingi 20, usikadirie. Yamimine kijiko kwa kijiko uyahesabu. Ukipata vijiko vinne, kila kimoja ni shilingi tano, ghali kuliko cha chupa ya lita.

Moto ndio uliompa taabu zaidi, kwa sababu gesi haionekani ikipungua. Anatumia mtungi wa kilo 6 anaoujaza kwa shilingi 1,200, yaani shilingi 200 kwa kilo. Tuliazima mizani ya kuning'iniza, tukaupima mtungi asubuhi na jioni ukiwa na meko yake juu mara zote mbili. Tofauti ilikuwa gramu 900, yaani shilingi 180. Kwa sahani 40, kila moja ilibeba shilingi 4.50.

Lakini wastani huo unaficha kitu. Kukaanga sahani moja kunachukua kama dakika nne, kwa hiyo sahani 40 ni saa mbili na dakika 40 za moto wa kupikia. Meko yalikuwa yamewaka zaidi ya saa sita. Muda uliobaki moto ulikuwa mdogo, ukisubiri mteja. Tulipima sahani kumi mfululizo peke yake, tukaona kila sahani inakula kama gramu 13 na nusu za gesi, yaani shilingi 2.70 hivi. Zilizobaki, karibu shilingi 1.80 kwa sahani, ni za kusubiri.

Siku ikiwa mbaya, kusubiri kunameza faida. Tukichukua kwamba anauza sahani 20 kwa saa zile zile, gesi ya kupikia inapungua nusu, lakini ya kusubiri inaongezeka. Mahesabu yanatoa karibu shilingi 7.70 kwa sahani. Kwa hiyo gharama ya moto haimo kwenye sahani peke yake. Imo pia kwenye dakika zilizo kati ya sahani moja na nyingine. Aliamua kuuzima moto wateja wanapokatika, kiberiti kiko mkononi.

Anayepikia makaa hana nafasi hiyo. Makaa yakishawaka yanaendelea kuisha, uwe na mteja au usiwe naye. Kufunga mlango wa chini wa jiko kunayapunguzia kasi tu. Akinunua mikebe mitatu kwa shilingi 300, hizo ni shilingi 7.50 kwa sahani akiuza 40, na shilingi 15 akiuza 20. Kwake, hesabu ya siku mbaya ni ya lazima zaidi.

Kama huna mizani, bandika kipande cha selotepu kwenye mtungi, andika tarehe uliyoujaza, kisha hesabu sahani mpaka uishe. Tulitumia maharagwe: kila sahani inayotoka, harage moja kwenye kikombe. Bei ya kujaza gawanya kwa maharagwe. Njia hii ina udhaifu mmoja: inaamini kwamba ulipewa kilo 6 kamili. Mtungi una uzito wake mtupu ulioandikwa mwilini. Upime siku ya kuununua bila meko, toa uzito huo, na kinachobaki ndiyo gesi uliyolipia. Ukikuta kilo 5 na nusu, kilo yako si ya shilingi 200 bali kama 218.

Tulipojumlisha: mayai 32, mafuta 9, gesi 4.50, chapati 15, na kachumbari tuliyoipima ikatoka shilingi 5. Jumla 65.50. Zile 30 alizoziamini zilikuwa 14.50, na hapo hajalipa kodi ya kibanda, maji wala muda wake. Akibaki na kijiko kimoja cha mafuta, gharama inashuka hadi 61 na kinachobaki ni 19. Shilingi 4.50 kwa sahani 40 ni shilingi 180 kwa siku, sawasawa na gesi yote ya siku.

Kabla sijaondoka aliniuliza kuhusu sahani ya yai moja anayowauzia wanafunzi kwa shilingi 50. Alidhani ndiyo inayomlipa. Tukaipiga hapo hapo: yai linakuwa moja, shilingi 16. Lakini kikaango kinataka kijiko kile kile cha mafuta, moto karibu ule ule, chapati nzima na kachumbari ile ile. Inafika shilingi 45. Hata kwa kijiko kimoja cha mafuta, kwa kila mwanafunzi angebaki na shilingi tano. Alichukua chaki, akaifuta 50 kwenye ubao wake, akaandika 60.