Dhana Potofu na Ukweli: Kutoa Maoni Kuhusu Foleni ya Ofisi ya Serikali Bila Kumsakama Karani

Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi huku saa zake zikiwa zile zile za Dar es Salaam, kwa hiyo saa 12 asubuhi kwa kawaida bado ni giza. Hata hivyo, saa hiyo utawakuta watu wamekwishafika kwenye geti la ofisi ya huduma, wengine wakiwa wametoka vijiji vya mwambao wa ziwa kwa boti na kulala kwa ndugu Ujiji au Mwanga, wakisubiri mlango ufunguliwe saa 1:30. Mtu aliyesubiri hivyo ana haki ya kutoa maoni yake. Tatizo ni kwamba maoni mengi huishia kumtaja karani, na mambo yanayoizalisha foleni yakabaki kama yalivyo.

Dhana: Foleni ikiwa ndefu, karani ni mzembe.

Ukweli ni kwamba karani anaweza kufanya kazi bila kuinua kichwa na foleni bado ikawa ndefu. Tuchukulie ofisi yenye dirisha moja, ambapo kumhudumia mtu mmoja huchukua dakika 6, yaani watu 10 kwa saa. Watu 40 wakiwa wamefika kabla ya saa 1:30, mtu wa arobaini ataitwa karibu saa 5:24, kwa sababu mbele yake kuna watu 39. Karani hajamchelewesha mtu yeyote hapo, ila mwananchi amekaa kwenye benchi karibu saa nne.

Sasa tuchukulie kwamba siku nzima huja watu 50 tu. Ofisi inayofungwa saa 9:30 alasiri, hata ukiondoa muda wa chakula, ina uwezo wa kuhudumia watu 70 hivi. Kumbe uwezo upo. Tatizo ni kwamba karibu wote wamekuja kwa pamoja asubuhi. Kinachowaleta alfajiri ni orodha ya majina inayoandikwa kwenye karatasi pale getini, pamoja na habari zinazosambaa mtaani kwamba anayekuja mchana hapokelewi. Mtu mwenye busara akisikia hivyo atawahi, na kila anayewahi anarefusha foleni ya asubuhi.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuangalia ni hali ya mabenchi kati ya saa 7 mchana na saa ya kufunga. Yakiwa matupu, pendekeza ofisi igawe namba za asubuhi na za mchana na itangaze wazi kwamba wa mchana watahudumiwa, huku wanaotoka mbali kwa boti au basi wakipewa nafasi inayolingana na usafiri wao wa kurudi. Yakiwa bado yamejaa hadi kufunga, na hali ikawa hivyo siku nyingi, hapo una hoja ya kuomba dirisha la pili. Haya ni maombi mawili tofauti kabisa, na ukiyachanganya, ofisi inaweza kuongezewa mtumishi ambaye mchana hana wa kumhudumia.

Dhana: Karani anaturudisha nyumbani kwa makusudi.

Hili ndilo linaloumiza zaidi, na ninalipa uzito wake. Mama aliyetoka kusini mwa mkoa anafika dirishani baada ya kusubiri kwa saa tatu, anaambiwa barua ya serikali ya kijiji haina muhuri, au nakala ya cheti imekosekana, arudi kesho. Kwake neno hilo lina maana ya nauli nyingine na usiku mwingine ugenini. Ni rahisi kuona kuwa aliyelitamka ndiye mwenye kosa.

Ukweli ni kwamba kasoro hiyo ilikuwepo tangu alfajiri, lakini utaratibu wa ofisi unaruhusu nyaraka kukaguliwa mara moja tu, dirishani, mwishoni mwa kusubiri. Karani hana mamlaka ya kupokea barua isiyo na muhuri. Angalia pia jinsi kurudishwa kunavyoilisha foleni: katika watu 40 wanaofika dirishani, 10 wakirudishwa, ni 30 tu waliomaliza shughuli zao, na wale 10 watasimama tena kwenye foleni ya siku nyingine. Dakika za dirisha walizotumia zimepotea kwa wote.

Maoni yenye manufaa hapa yanataja waraka uliokosekana, mahali ulipotakiwa kuelezwa, na saa ulipogundua. Pendekeza mtumishi mmoja apite kwenye mabenchi katika nusu saa ya kwanza akikagua nyaraka, na orodha ya mahitaji ibandikwe nje ya geti, mahali inaposomeka hata ofisi ikiwa imefungwa. Aliyeambiwa saa 2 asubuhi kwamba muhuri umekosekana ana nafasi ya kuhangaika akarudi siku hiyo hiyo, walau kwa wakazi wa karibu.

Dhana: "Mtandao haupo" ni kisingizio.

Wakati mwingine huenda ikawa hivyo, lakini kuna njia ya kupima. Malipo mengi ya serikali hupitia kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo, kwa hiyo mfumo ukisimama, karani hawezi kuitoa. Tazama kama madirisha yote yanayotumia mfumo huo yamesimama au ni moja tu, kisha andika saa huduma iliposimama na saa iliporejea. Uliza pia kama kazi zisizohitaji mtandao, kama ukaguzi wa fomu, ziliendelea wakati huo. Ofisi ambayo kila kitu husimama kwa sababu ya hatua moja ina dosari ya mpangilio, na hilo linaweza kurekebishwa hata kabla mtandao haujaimarika.

Dhana: Maoni bila jina la mtumishi hayana nguvu.

Nguvu ya maoni iko kwenye saa na hatua. Kumbuka nyakati nne: ulipofika, ulipopewa namba, ulipoitwa na ulipomaliza. Kisha linganisha na Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa taasisi husika, ambao hueleza muda ambao taasisi imeahidi kukamilisha huduma. Maoni yanaweza kusomeka hivi: "Nilifika saa 12:40 asubuhi, nikaitwa saa 5:10, nikahudumiwa kwa dakika saba. Nilirudishwa kwa kukosa nakala ambayo haikutajwa kwenye tangazo la getini. Saa 8 mchana mabenchi yalikuwa matupu. Naomba ukaguzi wa nyaraka ufanyike asubuhi na namba za mchana zitolewe." Mkuu wa ofisi akisoma hayo anajua pa kuanzia, akisoma kwamba karani fulani ana dharau, atamwita, atamwonya, na foleni ya kesho itakuwa ile ile.

Maoni hayo yanaweza kuwekwa kwenye sanduku la maoni, kupelekwa dawati la malalamiko, au kutumwa kwa mfumo wa serikali wa e-Mrejesho, unaopatikana pia kwa simu ya kawaida kupitia *152*00#.

Yapo makosa ambayo kweli ni ya mtu binafsi, na hayo hayafai kufichwa ndani ya maneno kuhusu utaratibu. Mtumishi akikuomba fedha ili akuvushe foleni, hiyo ni rushwa, na taarifa yake hupelekwa TAKUKURU kwa namba 113 bila malipo. Akikutukana, mweleze msimamizi wake siku hiyo hiyo, ukitaja dirisha, saa na maneno yaliyosemwa. Taarifa hiyo iandike peke yake, mbali na maoni ya foleni, kwa kuwa hatua zake ni za kinidhamu na wanaozishughulikia ni watu wengine.