Treni zikipishana, ile fupi nayo huhesabiwa

“Treni ya mita 150 inapishana na ya mita 100. Kupata muda wa kupishana, si tunagawanya urefu wa ile ndefu tu kwa mwendo, kwa kuwa fupi inamezwa humo?”

Hapana. Tuseme ndefu inakwenda kilomita 54 kwa saa na fupi 36. Kwa kuwa zinaelekeana, mwendo unajumlishwa: 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde. Hapo wengi hugawanya 150 kwa 25, wakapata sekunde 6.

Saa ianze vichwa vinapokutana. Sekunde ya 6, kichwa cha fupi ndiyo kwanza kinafika mkiani mwa ndefu. Mabehewa yake yote, mita 100, bado yako ubavuni mwa mwenzake. Lazima nayo yapite, na hayo ni sekunde 4 zaidi. Jumla:

(150 + 100) ÷ 25 = sekunde 10

Hizo 6 si za bure, lakini. Abiria aliyekaa dirishani kwenye treni fupi ataiona ndefu ikimpita kwa sekunde 6 kamili, kwa sababu yeye ni nukta tu, hana urefu wa kuhesabiwa. Kwa hiyo soma swali vizuri: nani anapitwa, treni au mtu?