Uchakavu wa mashine si pesa ya fundi

Ukizungumza na wenye mashine za kusaga unga katika mitaa yetu, iwe Kawangware, Dandora au Kayole, utasikia mara kwa mara mtu akisema kwamba uchakavu ameshaulipia, kwa sababu mwezi huu fundi alikuja akabadilisha nyundo na mkanda. Wengine, hasa wanaoandikiwa vitabu na mhasibu, husema kwamba uchakavu umeshakatwa kwenye hesabu, na kwa hiyo pesa za mashine mpya zipo. Kauli zote mbili zina kasoro, na ndiyo maana mtu ambaye wateja wake hupanga foleni mlangoni kila jioni hulazimika kutafuta mkopo wa haraka siku mota inapoungua.

Kwa lugha ya hesabu, uchakavu ni ile sehemu ya bei ya mashine inayohesabiwa kuwa gharama ya kila mwaka katika muda wote ambao mashine itafanya kazi. Unachukua bei uliyonunulia, unaondoa kiasi unachotarajia kupata utakapoiuza ikiwa kuukuu, kisha kinachobaki unakigawa kwa miaka ya matumizi. Zipo njia nyingine za kukokotoa, lakini kwa biashara ndogo hii inatosha.

Linalohitaji maelezo marefu zaidi ni tofauti kati ya uchakavu na matengenezo, na mashine ya kusaga unga inaionyesha vizuri. Ndani yake mna nyundo, yaani vipande bapa vya chuma vilivyoning'inizwa kwenye mhimili unaozunguka kwa kasi, navyo hupiga mahindi hadi yapasuke na kupita katika matundu ya chekecheke. Ncha za nyundo hulika zikawa mviringo, na hapo utaona kazi inakwenda polepole, unga unatoka ukiwa na joto kuliko kawaida na mota inakula umeme mwingi kwa mahindi yaleyale. Chekecheke ikitoboka, chenga huanza kuonekana ndani ya unga. Mhudumu makini huzigeuza nyundo ili ncha ambayo haijatumika ielekee mahindi, na ncha zote zikiisha hubadilisha seti nzima kwa pamoja, kwa kuwa nyundo moja mpya iliyo nzito miongoni mwa zilizolika hufanya mhimili utikisike na kuua beringi kabla ya wakati wake.

Hayo yote ni matengenezo, kwani yanairudisha mashine katika hali iliyokuwa nayo. Hata kuisuka mota upya baada ya kuungua ni matengenezo, ijapokuwa bili yake inauma; lakini ukiweka mota yenye nguvu kubwa zaidi ili usage mahindi mengi kuliko zamani, umenunua kifaa kipya, na bei yake inastahili kujumlishwa na ya mashine kisha igawanywe kwa miaka. Wakati matengenezo yakiendelea, bodi la mashine linazidi kuwa jembamba kutoka ndani, mahali zinapokaa beringi panapanuka, na kihami cha nyaya za mota kinakauka kwa joto la kila siku. Hakuna nyundo mpya inayoweza kurudisha hayo. Matengenezo mazuri yanachofanya ni kuhakikisha kwamba ile miaka uliyokadiria inatimia. Yakipuuzwa, mashine ya miaka mitano hufa katika mwaka wa tatu, na hesabu yako yote ya uchakavu inakuwa si kweli.

Tuchukue mfano wa kinu kilichonunuliwa pamoja na mota yake kwa shilingi 180,000, kinachotarajiwa kufanya kazi kwa miaka 5 na kisha kuuzwa kwa shilingi 30,000. Uchakavu wake ni shilingi 150,000 kwa miaka 5, yaani 30,000 kwa mwaka au 2,500 kwa mwezi. Kinu hicho kinasaga gorogoro 100 kwa siku kwa shilingi 15 kila moja, na kwa siku 26 za kazi kinaingiza shilingi 39,000. Umeme ukichukua 6,000, kodi ya kibanda 8,000 na mshahara wa kijana anayesaga 12,000, zinabaki 13,000. Nyundo, chekecheke, mikanda na beringi, zikichukuliwa kwa wastani wa mwaka mzima, zinakula 3,000 nyingine. Hapo wengi huishia, wakaiita 10,000 iliyobaki faida na kuipeleka nyumbani. Ukitoa na ile 2,500 ya uchakavu, faida halisi ni 7,500.

Kwa kuwa kinu kinasaga gorogoro 2,600 kwa mwezi, ile 2,500 ni karibu shilingi moja kwa kila gorogoro, na matengenezo ni shilingi moja na senti kidogo. Mimi napendelea hesabu ya namna hii kuliko ya mwezi, kwa sababu kinu huchoka kwa kusaga, na baada ya mavuno, mahindi yanapokuwa mengi, kinachoka zaidi na pia kinaingiza zaidi. Ukiweka kando shilingi mbili na senti kidogo katika kila kumi na tano, akiba inapanda na kushuka pamoja na kazi, wala huhitaji kuumia katika mwezi mkavu.

Tukirudi kwa wale wenye vitabu, tarakimu ya uchakavu inapunguza faida kwenye karatasi, lakini haihamishi hata shilingi moja. Pesa hizo zimebaki zimechanganyika na mauzo, na zinaweza kuwa zilishalipa karo ya shule. Ni lazima zitolewe kwa mkono na kuwekwa pengine, na afadhali pawe mahali pawili. Pesa ya matengenezo ikae kwenye akaunti inayofunguka siku hiyohiyo, maana beringi haisubiri. Pesa ya mashine mpya ikae mahali pagumu kufikika. Chama cha mzunguko hakifai kwa hili, kwani zamu yako huja kwa ratiba ya wanachama, ilhali mota huungua kwa ratiba yake. Akiba ya dhamana katika chama cha ushirika wa akiba na mikopo inasaidia kwa namna nyingine: kwa kawaida huitoi mpaka ujitoe uanachama, lakini unaweza kukopa kwa kuitegemea.

Bado kuna mpaka mmoja wa dhana hii. Uchakavu unaangalia bei uliyolipa zamani. Baada ya miaka 5 utakuwa na 150,000 za akiba na 30,000 za kinu kikuukuu, jumla ileile 180,000. Lakini ikiwa kinu kama hicho wakati huo kinauzwa 240,000, umepungukiwa na 60,000. Kwa hiyo kila mwaka ulizia bei ya sasa, na nyongeza yake uitoe kwenye faida. Katika mfano wetu, mtu aliyekisia kupanda huko tangu mwanzo angeweka 3,500 kwa mwezi badala ya 2,500. Ile 1,000 ya ziada si uchakavu, na mhasibu hataiandika hivyo. Ni sehemu ya faida iliyotengwa kwa ajili ya kununua upya.

Basi mwenye kinu aliyemlipa fundi asiseme ameulipia uchakavu, aseme amelipia matengenezo ya mwezi huu. Na yule ambaye mhasibu amemkatia 30,000 kitabuni aseme amejua ni kiasi gani cha kuweka, kisha aangalie kama amekiweka.