Tarakimu nne, inawaka moja: jinsi skrini ya vipande saba inavyopangiwa muda

Skrini ndogo nyekundu iliyo mbele ya mashine ya kutotolea vifaranga inaonyesha 37.7C, na anayeitazama yuko tayari kuapa kwamba tarakimu zote nne zinawaka pamoja. Haziwaki pamoja. Kila wakati inawaka moja tu, na tatu zilizobaki ziko gizani zikingoja zamu. Zamu zinakwenda mbio kiasi kwamba jicho halizioni, na kazi ya anayetengeneza kifaa ni kuchagua mbio hizo vizuri: zikipungua, namba inapepesa, zikizidi, mwanga unafifia na mizuka inatokea.

Sababu ya kupeana zamu ni uhaba wa miguu. Tarakimu moja ina vipande saba, a hadi g, pamoja na nukta yake, yaani taa nane. Tarakimu nne zingehitaji waya 32, na maikrokontrola ya ATmega328P yenye miguu 28, ukiondoa ya umeme, ya kristali na ya kuanzisha upya, inabakiwa na miguu 20 tu ya kazi. Kwa hiyo vipande vyote vya a vinaungwa pamoja, vya b pamoja, na kuendelea, kisha kila tarakimu inapewa mguu wake wa pamoja. Jumla ni 8 na 4, yaani 12. Ndiyo maana skrini ya 5641AS inayouzwa sana madukani ina miguu 12 kamili. Hiyo ni ya katodi ya pamoja. Ndugu yake 5641BS ni ya anodi ya pamoja na kwa sura hawatofautiani, kwa hiyo soma maandishi ya ubavuni kabla ya kulipa. Ukiiunga BS kwenye mzunguko uliotengenezwa kwa AS, haiwaki.

Sasa tuje kwenye jicho. Watu husema taswira "inabaki" jichoni baada ya taa kuzimika, na maelezo hayo yanatosha kwa mazungumzo, ila kwa kupanga muda yanapotosha kidogo. Jicho halihifadhi picha. Linakusanya mwanga kwa makumi ya milisekunde kisha linahisi wastani wake. Taa ikiwaka na kuzimika taratibu, unaziona zote mbili. Ukiongeza kasi, hufika mahali mwanga unaonekana umetulia, na kwa mwanga wa kawaida wa ndani ya nyumba hapo ni kama hezi 50 hadi 60. Kikomo hicho hakisimami mahali pamoja. Mwanga ukiwa mkali kinapanda, na pembeni ya jicho huwa jepesi kugundua kupepesa kuliko pale unapokazia macho. Skrini ya hezi 60 unaweza kuitazama moja kwa moja ukaridhika, kisha ukigeuka kuchukua bisibisi ukaiona inatetemeka. Kwa hiyo tunashauri mzunguko mzima wa tarakimu zote usishuke chini ya hezi 100.

Tuchukue milisekunde 2 kwa kila tarakimu. Nne zinamaliza mzunguko kwa milisekunde 8, na hiyo ni hezi 125. ATmega328P ya megahezi 16 inaipata hesabu hii bila salio: ukigawa kasi kwa 128, taima namba 2 inahesabu mara moja kila mikrosekunde 8, na hesabu 250 zinatimiza milisekunde 2. Kwa kuwa inaanzia sifuri, unaandika 249.

```c
TCCR2A = (1 << WGM21);
TCCR2B = (1 << CS22) | (1 << CS20);
OCR2A  = 249;
TIMSK2 = (1 << OCIE2A);
```

Jicho likishahisi wastani, mwangaza nao unafuata wastani. Jambo hili lilielezwa na Talbot mwaka 1834 na Plateau mwaka uliofuata, na bado ndilo linaloamua ukubwa wa rezista. Kila tarakimu inawaka robo ya muda, kwa hiyo mkondo wa miliampia 12 unaonekana kama wa 3 hivi. Kwa umeme wa volti 5, kipande chekundu kinachukua kama volti 2 na transista iliyofunguka volti 0.2, zinabaki 2.8. Rezista ya omu 220 inapitisha basi karibu miliampia 12.7, na wastani wake ni 3.2. Ndani ya nyumba huo ni mwanga wa kutosha.

Rezista hizo ziwe nane, moja kwa kila kipande. Wapo wanaobana matumizi kwa kuweka nne tu, moja kwenye mguu wa pamoja wa kila tarakimu. Hapo mkondo uleule unagawanywa kwa vipande vinavyowaka: 1 yenye vipande viwili inang'aa sana, na 8 yenye saba inafifia. Ukiona mwangaza unabadilika kila namba inapobadilika, usihangaike na programu. Tatizo liko hapo.

Mguu wa pamoja nao unabeba mzigo wa vipande vyote. Nane mara 12.7 ni kama miliampia 102, wakati mguu mmoja wa ATmega328P haufai kabisa kuvuka 40. Weka transista ya 2N2222 kwa kila tarakimu, emita kwenye ardhi, kolekta kwenye mguu wa pamoja, na rezista ya omu 1000 kwenye besi. BC547 iliyozoeleka ina kikomo cha miliampia 100, kwa hiyo hapa ingekuwa inapitiliza.

Kuhakikisha, multimita yenye kipimo cha hezi ikiwekwa kwenye mguu wa maikrokontrola unaoendesha besi inapaswa kusoma 125. Kisha washa kipande kimoja kwenye tarakimu moja tu na upime volti za moja kwa moja juu ya rezista yake: utapata kama 0.7, yaani robo ya 2.8, au pungufu kidogo kwa sababu mguu wenyewe unapoteza volti kiasi. Ukipata 2.8 kamili, zamu haziendi.

Kinachosumbua mafundi wengi kuliko yote haya ni mizuka: vipande hafifu vinavyowaka pasipotakiwa. Vinazaliwa wakati wa kukabidhiana zamu. Transista iliyofunguka kabisa haifungi papo hapo. Inachelewa kidogo, na ukiweka picha ya tarakimu mpya kabla haijafunga, picha hiyo inamulika kwenye tarakimu ya zamani. Ukikosea upande wa pili, yaani ukafungua tarakimu mpya kabla ya kubadilisha picha, ni picha ya zamani inayoingia kwenye tarakimu mpya. Makosa haya mawili yanatofautishwa kwa macho tu. Chukua ileile 37.7C, ikizungushwa kutoka kushoto. Ukiona nukta hafifu kando ya 3, picha ya "7." imewahi, kwa sababu vipande a, b na c vya saba tayari vimo ndani ya tatu na kinachobaki kujitokeza ni nukta. Ukiona badala yake vijistari hafifu katikati na chini ya saba ya kwanza, hivyo ni vipande g na d vya 3, vilivyochelewa kuondoka. Zima taa za chumba ndipo utafute; mchana mzuka mwepesi hauonekani.

Dawa ni kuzima zote, kungoja kidogo, kubadilisha picha, kisha kufungua moja, kwa mpangilio huo huo:

```c
ISR(TIMER2_COMPA_vect) {
  PORTC &= 0xF0;
  _delay_us(20);
  n = (n + 1) & 3;
  PORTD = picha[n];
  PORTC |= (1 << n);
}
```

Hapa vipande a hadi g na nukta viko kwenye `PORTD` kuanzia biti ya 0, na besi nne ziko kwenye biti nne za chini za `PORTC`. Safu ya `picha`, itangazwe `volatile`, inabeba 0x4F, 0x87, 0x07 na 0x39, ambazo ni 3, 7 yenye nukta, 7 na C. Giza la mikrosekunde 20 ndani ya 2000 ni asilimia moja ya mwanga, hakuna atakayeliona.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini kukimbiza zamu kupita kiasi si faida. Punguza zamu iwe mikrosekunde 100, giza la 20 linakula moja ya tano ya mwanga, na maikrokontrola inatumia sehemu hiyohiyo ya muda wake ikingoja tu. Hata hivyo mwendo mdogo una adhabu yake ambayo haionekani ukiwa umetulia. Tafuna karanga mbichi au muwa huku ukiitazama skrini ya kasi ndogo: tarakimu zinacheza, moja juu moja chini, kwa sababu kichwa kinatikisika na kila moja inamulika ikikuta jicho limehamia mahali pengine. Kamera ya simu inafichua jambo hilohilo. Ikipiga kwa muda wa milisekunde 1, inakamata tarakimu moja, au mbili kwenye mpaka wa zamu, na picha inaonyesha namba pungufu ingawa kifaa ni kizima.

Zamu zikiendeshwa ndani ya mzunguko mkuu wa programu, badala ya kwenye katizo la taima kama hapo juu, kipimajoto kitaziharibu. DS18B20 katika kiwango chake cha biti 12 inachukua hadi milisekunde 750 kupima joto. Programu ikikaa kuingoja, tarakimu moja inabaki inawaka peke yake karibu sekunde nzima, na tatu zinatoweka. Kwa miliampia 12.7 kipande hakidhuriki. Aliyeongeza mkondo hadi 60 ili kufidia robo ya muda, akitegemea kwamba skrini inaruhusu mapigo makubwa, anaunguza vipande, kwa maana ruhusa hiyo ni ya mapigo mafupi tu. Katizo la taima linaendelea kuzungusha zamu hata kipimajoto kikingojewa. Kusoma biti zake kunafunga makatizo kwa kama mikrosekunde 70 kila mara, na kwenye zamu ya 2000 hilo halina uzito.

Ukiongeza tarakimu ziwe nane bila kugusa taima, mzunguko unakuwa milisekunde 16, hezi 62.5, na pembeni ya jicho litalalamika. Andika 124 kwenye `OCR2A`, zamu inakuwa milisekunde 1 na hezi 125 zinarudi. Besi za ziada zitahitaji miguu minne mingine kwenye `PORTB`, kwa kuwa `PORTC` haina nafasi ya zote nane, mistari ya kuzima na kufungua iguse zote mbili, `picha` ibebe nane, na `& 3` igeuke `& 7`. Mwangaza ndio hauwezi kuokolewa na taima: kila tarakimu sasa inapata moja ya nane ya muda, na wastani unashuka hadi miliampia 1.6. Kama skrini itakaa mahali penye jua, ni nafuu kuchukua chipu ya MAX7219, inayozungusha yenyewe tarakimu nane za katodi ya pamoja kwa takriban hezi 800 na kudhibiti mkondo wa vipande vyote kwa rezista moja.